Maji Nyuma ya Kiwambo

Binti yangu alikuwa na miaka mitano alipoacha kuitika. Si kwamba aliacha kwa siku moja. Ilikuwa kidogo kidogo, hata sikuweza kusema ilianza lini. Nilimwita aje kula, naye akaendelea kuchora mchangani kwa kijiti. Nikimwita tena, nikiwa karibu sasa, anainua uso na kutabasamu kana kwamba nimetokea hapo ghafla.

Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye boma moja nje kidogo ya Kalamba, aliliona hilo kabla yangu. "Huyu amekuwa na kichwa ngumu," alisema. "Anasikia, ila anachagua."

Nilikubaliana naye. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hesabu katika shule ya upili ya kutwa, na watoto wanaochagua cha kusikia nimewaona wengi. Mume wangu alifanya kazi katika kituo cha petroli Mtito Andei na alikuja nyumbani mwisho wa wiki. Alipokuja, mtoto alikaa mapajani pake siku nzima, akimtazama usoni, na wote wawili walielewana vizuri. Sikufikiria kwamba uso ndio aliokuwa akiusoma.

Jumamosi moja asubuhi tulitoka sokoni, mimi na yeye, na mfuko wa machungwa. Barabara ya kutoka sokoni ni ya murram, udongo wa changarawe, na ina mteremko mrefu. Vijana wa bodaboda hupenda kuzima injini huko juu ili kuokoa mafuta, halafu wanateleza hadi chini bila mlio wowote ila mchakacho mdogo wa magurudumu kwenye changarawe. Mfuko wangu ulichanika. Machungwa yakatawanyika, moja likabingirika hadi katikati ya barabara, na mtoto akalifuata.

Nilikuwa nimeinama. Nilipoinua kichwa niliona pikipiki inashuka na gunia la mahindi nyuma yake, na binti yangu amechuchumaa katikati ya njia, mgongo wake umeelekea mlimani.

Nilimwita jina lake. Nilimwita kwa sauti ile ninayonyamazisha nayo paredi nzima ya asubuhi. Mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya kando ya barabara alipiga kelele pia. Mwenye pikipiki naye alikuwa akipaza sauti, "Toka! Toka!" kwa sababu honi yake ilikuwa imekufa. Watu watatu wazima tulikuwa tunampigia kelele mtoto mmoja, na yeye alikuwa akipangusa vumbi kwenye chungwa kwa ncha ya gauni lake, taratibu, bila haraka yoyote.

Yule kijana aliupinda usukani akaingia mtaroni. Gunia lilipasuka. Upepo wa pikipiki ndio uliomfanya binti yangu ageuke, na alipoona mahindi yamemwagika na mtu amelala mtaroni, akaanza kulia.

Nilimkimbilia, nikamkumbatia hadi akalalamika kwamba namuumiza. Kijana alikuwa amechubuka kiwiko na goti, si zaidi. Alisimama, akajikung'uta, akaja mpaka tulipokuwa. Nilitarajia matusi. Alimtazama mtoto, halafu akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto hasikii?"

"Anasikia," nilimjibu. "Anasikia, ni vile tu..."

Sikuweza kumaliza. Nikakaa chini pale pale kando ya barabara, mbele ya watu, na mtoto mikononi.

Alasiri ile nilimpima jikoni kwa namna yangu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, na mimi nikasimama nyuma yake. Nilinong'ona jina lake. Hakuna. Nilisema kwa sauti ya kawaida, "Nikupe peremende?" Hakuna. Nilipiga makofi, na kichwa chake kikasogea kidogo, halafu akaendelea na maharagwe. Nilichukua kifuniko nikagonga sufuria kwa nguvu, naye akageuka upesi, macho yamemtoka.

"Mama, mbona unapiga kelele?" aliuliza.

Nilimwambia kifuniko kilianguka. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji ili asinione.

Kilichonitisha hakikuwa kile alichoshindwa kusikia tu. Msimu wa mvua uliopita alikuwa amelazwa na homa kali, akapigwa sindano nyingi. Nilijua zipo homa, na hata zipo dawa, zinazoweza kuua mshipa wa fahamu wa sikio. Katika ukoo wetu kuna shangazi aliyepata homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo na hajasikia neno tangu hapo. Nilikua nikimwona akikaa pembeni kwenye harusi na matanga, akicheka wengine wakicheka, sekunde moja nyuma yao. Mshipa ule ukifa haufufuki. Hilo nililijua, na sikuwa na mtu wa kunipinga.

Nilimpigia mume wangu. Nyuma yake niliweza kusikia malori yakiingia kujaza mafuta. Nilimweleza habari ya pikipiki, na ya sufuria. Lori moja likapiga honi, likaifunika sauti yake.

"Uko?"

"Niko," alisema. "Mpeleke kliniki mjini Wote. Usingoje nije."

Jumatatu nilikuwa na kipindi na Kidato cha Nne kabla ya kuomba ruhusa. Somo, kama lingechaguliwa na mtu anayenichukia, lisingekuwa baya zaidi: sauti inapotoka kwenye hewa na kukutana na maji. Nilianza vile ninavyoanza siku zote. Niliwauliza ni nani amewahi kuzamisha kichwa ndani ya bwawa wenzake wakiwa wanaongea ukingoni. Mikono ikainuka. Mlisikia nini? Karibu hakuna, walisema.

Niliwaeleza kwamba kila kitu kinachopitisha sauti kina ukinzani wake, na kwamba unaupata kwa kuzidisha msongamano wa kitu hicho, yaani uzito wake katika kila lita, kwa kasi ya sauti ndani yake. Hewa ni nyepesi na sauti huenda polepole ndani yake, kwa hiyo ukinzani wake, kwa vipimo vyetu, ni mia nne na kitu. Maji ni mazito, na sauti hukimbia ndani yake zaidi ya mara nne ya kasi ya hewani, kwa hiyo ukinzani wake unafika kama milioni moja na nusu. Ukinzani wa maji unauzidi ule wa hewa zaidi ya mara elfu tatu.

"Fikirini mtoto anasukuma lori lililoegeshwa," niliwaambia. "Anasukuma kweli, kwa nguvu zake zote. Lakini lori halisogei, na kama halisogei hakuna kazi iliyofanyika juu yake. Nguvu zake zote zinamrudia. Hewa ikiyasukuma maji ni hivyo hivyo. Mgandamizo unafika kwenye uso wa maji, tena pale unakaribia kuwa maradufu, lakini maji hayatikisiki ila kidogo mno. Kwa hiyo sauti karibu yote inarudi ilikotoka."

Niliandika kanuni ubaoni, nikaweka namba, na darasa likapiga hesabu pamoja nami. Jibu lilitoka lile lile ninalolipata kila mwaka. Nguvu inayopita kuingia majini ni kama sehemu moja tu kati ya elfu. Zilizobaki, mia tisa tisini na tisa, hurudishwa hewani.

Na hapo, nikiwa na chaki mkononi, nilikumbuka kitu nilichokijua muda wote bila kukifikiria. Sikio la ndani limejaa maji. Kile kimrija kilichojikunja kama konokono, ambacho mshipa wa fahamu umejishikiza kwake, ni cha majimaji. Kila neno nililowahi kumwambia binti yangu lilikuja kwa hewa na lilipaswa kuingia majini. Nilijua pia kwamba kuna vifupa katikati vinavyosaidia, lakini asubuhi ile akili yangu iliyakataa yote isipokuwa ile sehemu moja kati ya elfu. Nilijiona nimesimama ukingoni, yeye yuko chini, na mimi namwita.

"Mwalimu, uko sawa?" msichana wa safu ya mbele aliuliza.

Niliwaambia wanakili mfano ule, nikatoka.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amepasha mafuta ya kupikia kwenye kijiko. Alitaka kumdondoshea mtoto sikioni, kama alivyowafanyia watoto wake wote.

"Hapana, mwaitu," nilimwambia, nikitumia neno letu la mama ili nisionekane namvunjia heshima. "Tungoje daktari aone kwanza."

"Utangoja hadi lini? Kama ni kitu kimeziba?"

"Na kama kiwambo cha sikio kimetoboka?"

Alikiweka kile kijiko chini. Akamvuta mtoto kwake, akampangusa uso kwa leso. Maneno yale ya kichwa ngumu hakuyarudia tena.

Katika kliniki ya masikio Wote, mhudumu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimkalisha mtoto juu ya mapaja yangu, akaniambia nimshike kichwa vizuri, akamchungulia sikio la kulia kwa kile kitochi chao, kisha la kushoto. Akarudia la kulia. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye kama vile binti yangu alivyonitazama mimi, nikitafuta jibu usoni.

"Kuna maji," alisema.

"Maji wapi?"

"Nyuma ya kiwambo. Pande zote mbili. Kiwambo chenyewe kimevutwa ndani na kimefifia, na huku naona vipovu. Amekuwa na mafua sana?"

Alikuwa na mafua tangu mvua. Alikoroma pia, na alilala mdomo wazi. Nilimwambia hayo yote kwa pupa, halafu nikauliza lile nililolijia.

"Amekuwa kiziwi?"

Alizima kitochi chake. "Maji nimeyaona," alisema. "Kilicho ndani zaidi ya maji siwezi kukiona kwa macho. Huenda ni maji tu. Huenda mshipa pia umeguswa na ile homa unayosema. Tumpime."

Alifungua droo akatoa uma wa sauti, ule wa chuma wenye meno mawili kama tulio nao maabara shuleni. Aliugonga kwenye kiwiko chake na kuushika karibu na sikio la mtoto bila kumgusa.

"Unasikia?"

Binti yangu alimtazama mdomo. Alisita, akatikisa kichwa.

Niliweza kuusikia uma ule mimi mwenyewe, nikiwa nyuma yake. Ulikuwa ukiimba waziwazi.

Mhudumu aliugonga tena. Mara hii hakuuweka hewani. Alichukua shina lake akalikandamiza kwenye ule mfupa mgumu ulio nyuma ya sikio.

Mtoto aliruka kidogo mapajani pangu. Macho yake yalifunguka. Alipeleka mkono taratibu hadi kichwani kana kwamba anatafuta mdudu, halafu akacheka.

"Inalia!" alisema. "Mama, inalia ndani!"

Nililia mbele ya yule mama nisiyemjua. Alinipa kitambaa, lakini hakuniruhusu nifurahi sana.

"Subiri, mwalimu. Mfupa wa kichwa ni mmoja. Nikiutikisa upande huu, sikio la upande wa pili linaweza kusikia kwa niaba ya hili. Uma peke yake hautoshi."

Kwa hiyo hofu ikarudi. Alimpeleka mtoto kwenye chumba kidogo kilichofunikwa kuta kwa sponji, akamvika vifaa vya masikioni, akampa kikapu na vipande vya mbao. Kila akisikia mlio alipaswa kutupa kipande kimoja kikapuni. Mimi nilikaa nje ya kioo. Kwa muda mrefu mkono wake ulibaki hewani umeshika kipande, haushuki. Nilijikuta nikiomba kimya, si maneno ya maana, ni "tafadhali" tu. Kisha mhudumu alibadilisha kifaa, akaweka kile kinachotikisa mfupa, na kuziba sikio la pili kwa mvumo ili lisisaidie. Vipande vilianza kuanguka. Kimoja, kingine, kingine.

Alipotoka alikuwa na karatasi yenye mistari miwili kwa kila sikio.

"Mstari huu wa juu ni wa mfupa," aliniambia. "Uko mahali pake. Masikio ya ndani ni mazima, yote mawili. Huu wa chini ni wa hewa. Pengo katikati ndilo maji."

"Nieleze," nilisema. "Mimi nafundisha fizikia. Nafundisha kwamba sauti ikitoka hewani karibu yote inarudi ikigonga maji. Ni sehemu moja tu katika elfu inapita. Sasa ndani ya sikio ni maji siku zote. Haya ya nyuma ya kiwambo yamebadilisha nini?"

Aliketi akavua miwani. "Hesabu yako ni sawa," alisema. "Kama sauti ingegonga maji ya sikio la ndani moja kwa moja, sote tungesikia vibaya. Ndiyo maana kuna chumba cha katikati, na chumba hicho kinatakiwa kiwe na hewa. Kiwambo ni kipana. Kinakusanya msukumo wa hewa, kinaupa vifupa vitatu, na vifupa vinausukuma wote kwenye kidirisha kidogo sana cha sikio la ndani. Msukumo ule ule, mahali padogo. Na vifupa vyenyewe vinafanya kazi kama wenzo, vinaongeza kidogo. Mpaka ufike kwenye yale maji, mgandamizo umezidishwa kama mara ishirini na kitu. Hapo maji yanatikisika."

"Na sehemu kubwa ya kilichokuwa kinarudi inapita," nilisema.

"Ndiyo. Sasa mtoto wako, chumba chake cha hewa kimejaa majimaji mazito. Kiwambo kinapigwa na hewa mbele, lakini nyuma kimelemewa. Vifupa vinasukumana na uzito. Kwa hiyo sauti inafika kwenye kiwambo na nyingi inarudi nje. Ukigonga sufuria anasikia, kwa sababu kilichobaki kinatosha. Ukimwita kwa mbali, hakitoshi."

"Na uma kwenye mfupa?"

"Uma hauombi ruhusa kwa hewa. Chuma kinatikisa mfupa, mfupa unatikisa maji ya ndani. Haukupita njia iliyoziba."

Nilimshika mtoto mkono. Nilimuuliza mhudumu kuhusu mafuta ya mama mkwe. Alisema tusimtie kitu chochote masikioni, hayatafika nyuma ya kiwambo na yanaweza kumdhuru. Mara nyingi majimaji hayo hukauka yenyewe mafua yakiisha, kwa hiyo tungengoja miezi kadhaa, kisha turudi. Tumkinge na moshi wa jikoni. Tuongee naye uso kwa uso. Mwalimu wake amkalishe mbele.

"Na barabarani," alisema, "usimwachilie mkono. Usitegemee sauti yako."

Miezi ile ilikuwa mirefu. Nilikuwa na jibu, lakini jibu halikuniondolea hofu. Nilimwona kila mahali akiwa ameupa mgongo ulimwengu: ng'ombe wakija nyuma yake, jirani akirudisha gari kinyumenyume, mwanafunzi akiendesha baiskeli. Nikiwa darasani nilijiuliza ni nani amemshika mkono saa hiyo. Mume wangu alianza kuja hata katikati ya juma, bila bosi wake kujua, akibadilishana zamu na wenzake. Akifika, alimgusa mtoto bega kutoka nyuma kwanza ndipo aongee, na hivyo ndivyo sote tulivyojifunza kumwita, kwa mkono.

Tuliporudi kliniki, sikio la kushoto lilikuwa limekauka. La kulia bado. Mhudumu alimpima tena, akatuandikia twende hospitali kubwa kwa daktari wa upasuaji.

Siku ya upasuaji nilitembea kando ya kitanda chake hadi kwenye mlango niliokatazwa kupita. Daktari, kijana mpole, alinieleza mara mbili kwamba ni kazi ndogo: kuchanja kiwambo kidogo sana, kufyonza ule ute, na kuacha kibomba kidogo kuliko punje ya mtama ili hewa iingie nyuma. Hewa mbele, hewa nyuma, kiwambo kiwe huru. Nilielewa kila neno. Lakini mtoto alikuwa analazwa usingizi wa dawa, na mlango ulipofungwa sikuelewa chochote. Mume wangu alisimama kando yangu akikunja na kukunjua kofia yake ya kazi. Kila muuguzi aliyetoka tulimtazama kama mtu aliyebeba hukumu.

Mtoto alitolewa amelala, mdomo wazi, na kipande cha pamba sikioni. Daktari alisema ute ulikuwa mzito kama gundi. Alituonyesha kwenye kichupa, na mume wangu akageuza uso.

Alipoamka jioni ile wodini, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka viganja masikioni na kukunja uso.

"Nini?" nilimuuliza, nikijipeleka mbele ya macho yake kwa mazoea. "Inauma wapi?"

"Haiumi." Alielekeza kidole upande wa pili wa wodi, ambako mwanamke alikuwa akikoroga chai kwenye kikombe cha bati. "Mwambie aache. Ni kelele."

Mume wangu alitoka nje kwenye ukumbi, na nikamwona kupitia kioo ameegemea ukuta, mabega yakimtikisika.

Sasa ana miaka minane. Kibomba kilijitoa chenyewe baada ya muda, na vipimo vyake ni vizuri. Anasikia, na mara nyingine anachagua cha kusikia kama mtoto yeyote. Lakini mimi sijapona. Bado naangusha kijiko kwa makusudi nikiwa nyuma yake. Akipata mafua kidogo tu, nanong'ona jina lake kutoka mlangoni na kushika pumzi hadi ageuke.

Juzi alikuwa akifanya kazi ya shule mezani, na nikanong'ona hivyo. Hakugeuka. Niliganda mlangoni.

"Mama," alisema bila kuinua kalamu, "nimekusikia. Niache nimalize."